HITA INAPULIZA BARIDI, INJINI YA MOTO: Usicheke, gari linaomba maji!

Ukimwambia kijana wa Shinyanga kwamba hita ya gari lake ni mbovu, atakucheka mpaka akae chini. Hita ya nini, bwana? Hapa kwetu jua lenyewe linakaanga karanga bila kikaango! Mtu ananunua gari, jambo la kwanza anauliza kiyoyozi kinafanya kazi au vipi, la pili redio. Ile swichi yenye rangi nyekundu na bluu haigusi mpaka gari linauzwa kwa mwingine.

Sasa mpenzi msomaji, wiki hii naomba uiguse. Maana hita ndiyo king'ora cha bure ambacho Mjapani alikuwekea kwenye gari, na siku ikianza kupuliza ubaridi wakati injini imeshapata moto, inakupa taarifa ambayo mshale wa dashibodi unaweza kukuficha. Wenye magari wengi wa kanda yetu, kuanzia Shinyanga mjini, Kahama, Kakola mpaka Geita, wamenunua silinda hedi mpya kwa sababu hawakuijua lugha hiyo.

REJETA NDOGO CHINI YA DASHIBODI

Wengi wanadhani hita ya gari ni kama pasi, kuna waya ndani unapata moto kwa umeme. Kwa magari mengi tunayoendesha sisi, sivyo. Ndani ya dashibodi, kwa kawaida usawa wa miguu ya dereva na abiria wa mbele, kuna rejeta ndogo, pana kama daftari kubwa hivi. Mipira miwili inatoka kwenye injini, inapenya ukuta wa mbele na kuingia kwenye hiyo rejeta ndogo. Mmoja unaleta maji ya moto, wa pili unayarudisha. Feni inapuliza hewa kati ya vijibomba vyake, hewa inapata moto, inakuja usoni kwako. Hakuna maujanja mengine.

Kwa hiyo kama injini ni ya moto na hewa inatoka baridi, maana yake ni moja kati ya mbili. Ama maji ya moto hayafiki kwenye rejeta ndogo, ama yanafika lakini hewa haipitishwi pale. Hili la pili ni jepesi, kile kibao cha kuchanganya hewa kimekwama au waya wake umechomoka, haliui gari. La kwanza ndilo lenye kesi.

Na sababu ya maji kutofika nayo si siri. Katika magari mengi rejeta ndogo imekaa juu, karibu na sehemu za juu kabisa za mzunguko wa maji. Maji yakipungua kwenye injini, sehemu ya juu ndiyo inabaki tupu kwanza, kama tenki la nyumbani, likipungua bomba la juu ndilo linakauka mapema. Hewa inajikusanya humo, maji yanashindwa kuipita, hita inapoa. Injini bado ina maji kiasi, bado inavuta, wewe bado unapiga stori na redio iko juu. Lakini king'ora kimeshalia.

MVUA YA MACHI NA KOROLA YA MSHIKAJI

Nina mshikaji wangu anauza mitumba. Anachukua mzigo Mwanza, anaugawa Shinyanga, Kahama na Geita siku za mshahara wa wachimbaji. Chombo chake ni Corolla 110, gari la zamani lakini halijamwangusha. Ndilo duka, ndilo stoo, na siku nyingine ndilo gesti.

Machi moja tulitoka naye Shinyanga alfajiri kwenda Kahama. Mvua ilikuwa inapiga vizuri, vioo vimefungwa, na ndani tulikuwa wanne pamoja na marobota. Haikuchukua muda kioo cha mbele kikajaa ukungu, hatuoni kitu zaidi ya taa za malori. Kiyoyozi chake kilishakufa kitambo. Jamaa akachukua kitambaa, akawa anafuta huku anaendesha.

Nikamwambia, "Kaka, washa hita, pulizia kioo." Hewa ya moto inakausha ukungu ndani ya dakika chache, hata kama nje ni mvua tupu.

Akasogeza swichi mpaka mwisho wa nyekundu, feni namba tatu. Tukasubiri. Hewa ikaja baridi kama ya friji.

"Si unaona?" akasema. "Hii hita ilishajifia. Lakini gari liko freshi, angalia mshale."

Mshale kweli ulikuwa pale pale katikati, umetulia. Tulikuwa tumeshatembea zaidi ya nusu saa. Hapo ndipo nilipomwomba asimame Tinde, kabla hatujakata kona ya kwenda Isaka na Kahama. Alinuna, maana alikuwa anawahi wateja, lakini akasimama.

MSHALE UNADANGANYAJE?

Hapa ndipo wengi wanapoingia mjini. Kile kidude kinachopima moto wa injini kimewekwa kwenye njia ya maji, na kazi yake ni kupima moto wa maji yanayokigusa. Kikizungukwa na maji, kinasema kweli. Maji yakishuka chini yake, kinabaki kinapima hewa na mvuke, ambavyo havikipi moto sawasawa. Matokeo yake mshale unaweza kukaa katikati, au hata kushuka, wakati chuma cha injini kinaungua. Ukija kuuona umepanda, mara nyingi gasketi imeshasalimu amri.

Kwenye magari madogo mengi ya siku hizi ni balaa zaidi, kwa sababu mshale wenyewe haupo. Kuna taa ya bluu inayozima injini ikipata moto, na taa nyekundu inayowaka mambo yakiwa yameharibika. Kati ya bluu kuzima na nyekundu kuwaka huna habari yoyote. Hita inakujazia hilo pengo.

Kitu kimoja tukiweke sawa. Tunazungumzia injini ambayo imepata moto kweli. Kama mshale wako haupandi kabisa, unakaa chini hata baada ya kilomita 20, na hita ni vuguvugu, hiyo ni kesi nyingine. Huenda thamostati imeng'olewa. Mafundi wetu wengi wana tabia ya kuing'oa wakidhani wanaipoza injini. Hapo maji yapo, ila hayajapata moto. Ya mshikaji wangu haikuwa hivyo.

TINDE, MFUNIKO UMEFUNGULIWA

Tulipozima gari, yeye alitaka kufungua mfuniko wa rejeta palepale. Nikamshika mkono. Msomaji, hili ulikariri kama namba yako ya simu. Maji ya ndani yamebanwa na mfuniko, na yakiwa hivyo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua ghafla, yanachemka kwa mpigo mmoja na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Kuna madereva wanatembea na makovu hayo mpaka leo.

Tulikaa zaidi ya nusu saa, tukanywa chai na chapati. Kipimo changu ni ule mpira mkubwa wa juu ya rejeta. Ukiuminya na ukabonyea kilaini, na mfuniko unashikika kwa mkono mtupu, mgandamizo umekwisha. Hata hapo weka kitambaa, zungusha kidogo, subiri, ndipo umalizie.

Kabla hatujafungua jamaa alinionyesha ile chupa ya akiba pembeni, maji yamefika alama ya juu. "Imejaa bwana, wewe unatupotezea muda."

Tukafungua rejeta. Ndani kukavu! Kidole hakikugusa kitu.

Iko hivi. Maji yakipata moto yanavimba, yale ya ziada yanasukumwa kupitia mfuniko kwenda kwenye chupa. Injini ikipoa, ndani kunakuwa na mvuto, na kijivali kidogo katikati ya mfuniko kinafunguka ili maji yarudi. Kijivali kikichoka, au mpira mwembamba wa chupa ukipasuka, maji yanakwenda hayarudi. Chupa inabaki imejaa na rejeta inakauka. Kwa hiyo asubuhi, gari likiwa la baridi, usiridhike na chupa. Fungua mfuniko wenyewe uone maji yamefika shingoni.

Tulinunua chupa mbili za maji za lita 1 na nusu. Tukamimina polepole, ya kwanza ikaisha, ya pili ikabaki kama nusu lita. Mzunguko wa maji wa gari kama lile unabeba karibu lita 6. Tulikuwa tunatembea na pungufu ya zaidi ya theluthi moja, mshale katikati!

KUTOA HEWA, USIKURUPUKE

Kujaza maji ni nusu ya kazi. Hewa iliyoingia haiondoki kwa kuombwa, inabaki imejificha kwenye rejeta ndogo na kwenye kona za injini. Ndiyo maana mtu anajaza maji, anaondoka, na baada ya kilomita chache hita bado baridi na rejeta imepungua tena. Anaanza kulalamika gari linakunywa maji. Pengine halijanywa kitu, maji yamekwenda kujaza pale ilipokuwa hewa.

Pale Tinde tulifanya hivi. Jamaa alipandisha magurudumu ya mbele kwenye kituta kando ya barabara ili rejeta iwe juu kuliko injini, maana hewa inapenda kupanda. Tukaacha mfuniko wazi. Hita tukaiweka kwenye moto wa mwisho ili njia ya rejeta ndogo iwe wazi, feni yake namba moja tu. Akawasha injini bila kukanyaga mafuta.

Mimi nikawa naminya ule mpira wa juu kwa kitambaa, nauachia, naminya tena. Mapovu yakaanza kutoka shingoni mwa rejeta, blup, blup, na kila yakitoka maji yanashuka, tunaongeza. Baada ya dakika kama kumi mpira wa juu ukapata moto ghafla. Hiyo ni thamostati imefunguka, kwenye Toyota nyingi ni kama nyuzi 82. Maji yakashuka kwa mkupuo, tukamalizia ile nusu lita. Jumla zikawa lita 3.

Kisha akakanyaga mafuta kidogo, injini ikaunguruma kiasi cha mizunguko 2,000 na ushee kwa dakika, tukaachia, tukarudia mara tatu. Mapovu yakaisha. Feni ya rejeta ikawaka na kuzima yenyewe. Tukafunga mfuniko.

Angalia hapa msomaji. Mapovu ya hewa iliyonaswa yanapungua na kuisha. Ukiona hayaishi, yanakuja mfululizo kama soda hata baada ya nusu saa, na yanazidi ukikanyaga mafuta, huo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Gasketi imekwenda. Hapo ukijaza maji kutwa nzima ni sawa na kujaza pakacha. Dalili nyingine ni oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikiwa ya moto. Sisi tulibahatika, mapovu yalikoma.

Hita sasa? Ikatoa uvuguvugu. Ukungu kwenye kioo ukaanza kukimbia pembeni. Jamaa akacheka, "Kumbe haikufa!" Lakini vuguvugu si moto. Kwa injini ile hewa ilitakiwa ikuunguze vidole. Kulikuwa na kitu kingine.

SHIKA MIPIRA MIWILI

Kahama tulimkuta fundi mmoja mzee wa Kisukuma, gereji yake ni mwembe na benchi. Tulimwamkia, tukamweleza. Hakuuliza swali lolote, alifungua boneti injini ikiwa ya moto, akagusa ile mipira miwili ya hita kwa haraka haraka, mmoja baada ya mwingine.

"Ng'wanawane," akamwambia mshikaji wangu, "huu umeungua, huu umelala. Maji yanaingia, hayatoki."

Hicho ndicho kipimo chenyewe, na hakina gharama. Injini ikiwa ya moto na hita iko nyekundu, gusa mipira yote miwili, ukijihadhari na feni na mikanda. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanazunguka vizuri, tatizo ni kile kibao cha hewa ndani ya dashibodi. Yote miwili ikiwa baridi, maji hayafiki kabisa. Ama yamepungua, ama hewa imenasa, ama pampu ya maji imechoka. Kwa magari ya zamani pia kuna koki ndogo kwenye mpira mmoja, inavutwa na waya wa swichi, waya ukichomoka koki inabaki imefungwa. Mmoja ukiwa wa moto sana na wa pili umepoa, rejeta ndogo imeziba.

Kuna kipimo kingine cha kuongezea. Kama hita inatoa moto ukikanyaga mafuta, halafu inapoa ukisimama kwenye taa au kushusha abiria, mara nyingi ni maji machache au hewa, mara chache ni pampu iliyolika mapanga. Rejeta ndogo iliyoziba haijali unakanyaga au hukanyagi, inabaki vuguvugu ile ile.

MANJANO KWENYE REJETA!

Mzee alisubiri injini ipoe, akachomoa mipira yote miwili. Akachukua mpira wa kumwagilia bustani, akauelekeza kwenye ule mdomo ambao maji hutokea, ili uchafu urudi ulikotoka. Akafungulia maji taratibu.

Kilichotoka kwanza ni tope la kahawia. Kisha kikaja kitu cha njano, kama mchuzi wa jana. Mzee akanusa, akacheka peke yake.

"Nani alitia manjano?"

Mshikaji wangu akasema yeye kalinunua hivyo. Kumbe mwenye gari wa kwanza aliwahi kuziba tundu la rejeta kwa bizari ya manjano! Madereva wa huku wanaijua hiyo dawa, wengine wanatia yai bichi. Inaziba kweli, inakufikisha. Lakini unga ule hauna macho. Unaziba tundu, halafu unaziba vijibomba vyembamba, na vyembamba kuliko vyote viko kwenye rejeta ya hita. Hata dawa za kiwandani za kuziba rejeta zina tabia hiyo hiyo ukizidisha.

Na tope la kahawia je? Sehemu ni kutu ya injini yenyewe, kwa sababu gari limezoea maji matupu bila kulanti. Ile dawa ya kijani au nyekundu inayochanganywa na maji si urembo, kazi yake kubwa huku kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Sehemu nyingine ni maji tunayonywesha magari. Ukiwa unazunguka na mzigo kwenye machimbo, Rwamgasa, Nyarugusu au Mgusu, maji safi ni ya kununua, kwa hiyo dereva anachota ya lambo au ya kwenye duara, tope na yote. Ya kisima nayo yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika la chai. Kama huna njia nyingine barabarani, chuja kwa kitambaa, fika, halafu mwaga yote ujaze yaliyo safi.

Mzee alibadilisha mdomo, akapitisha maji upande wa pili, akarudi tena wa kwanza, mpaka yakatoka meupe na kwa kasi ile ile yaliyoingia. Kijana wake alipotaka kuleta kompresa ya matairi alimfukuza. Rejeta ndogo haijatengenezwa kwa upepo wa kujaza tairi la lori, unaipasua, na kuibadilisha ni kushusha dashibodi nzima, siku ya kazi imekwenda. Maji ya bomba yanatosha. Yakishindwa kupita kabisa, hiyo ni ya kubadilisha, usilazimishe.

MAJI YALIKWENDA WAPI?

Hili ndilo swali ambalo fundi wa haraka haraka halijibu. Anajaza, anapokea hela, kwaheri. Lita 3 haziyeyuki hivi hivi.

Mzee alianza na zulia la mbele ndani ya gari. Kavu. Rejeta ndogo ikitoboka zulia linalowa, ndani kunanuka kitu kitamu kitamu kama kuna kulanti, na ukungu wa kioo unakuwa na mafuta mafuta, ukifuta unapaka. Hakukuwa na hayo. Akaangalia chini ya pampu ya maji, hakuna alama ya mchirizi. Mipira mizima, klampu zimekaza. Akachomoa mfuniko wa rejeta, akaugeuza.

Mpira wa chini ulikuwa umekauka, umepasuka kama kisigino cha kiangazi. Na kile kijivali cha katikati kilikwama kwa kutu. Huyo ndiye mwizi!

Nisikilize vizuri hapa, maana ndiyo fizikia ya mkoa wetu. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Huku maji yaliyo wazi hayangoji nyuzi 100, yanachemka kwenye kama 96. Feni ya gari kama lile inaanza kuzunguka kwenye nyuzi 90 na kidogo. Mfuniko mzima, ulioandikwa 0.9, unayabana maji na kusogeza kuchemka hadi karibu nyuzi 115. Mfuniko mbovu unakuachia nafasi ya nyuzi chache tu kati ya feni kuwaka na maji kuchemka. Ukiwa kwenye foleni ya malori, jua la saa nane, mzigo juu, hizo chache zinaisha. Maji yanachemka, yanakimbilia kwenye chupa, mengine yanamwagika barabarani kama mvuke, hayarudi. Kesho yake tena kidogo, na keshokutwa. Ndivyo lita 3 zilivyoondoka bila tone moja chini ya gari.

Mfuniko mpya ulikuwa ni kitu kidogo, bei ya msosi wa watu watatu. Jamaa alinunua wenye namba ile ile ya zamani. Usichukue wenye namba kubwa ukidhani ni bora, unaibana mipira iliyozeeka mpaka ipasuke. Tukajaza maji safi na kulanti, tukatoa hewa upya kwa utaratibu ule ule, na hita ikapuliza moto mpaka mwenyewe akatoa mkono kwa kelele. Asubuhi yake, kabla ya kuondoka kwenda Kakola na Geita, alifungua mfuniko gari likiwa la baridi. Maji shingoni. Wiki nzima hayakupungua.

"NIFUNGIE HITA, FUNDI"

Kuna wanaosema dawa ya hita ni kuifunga kabisa. Fundi anaunganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba, maji yanazunguka bila kupita ndani. Ikiwa rejeta ndogo imetoboka uko porini, hilo ni sahihi, litakufikisha. Ila usikubali mtu akuzibie midomo kwa bolti, kwa sababu kwenye injini nyingine njia ya hita ndiyo inayozungusha maji wakati thamostati bado imefunga.

Lakini kulifanya kuwa la kudumu una hasara. Umejikatia dawa ya ukungu siku ya mvua, na umezima king'ora. Pia siku ukipata dili la viazi Njombe au Makambako mwezi wa saba, utajua kwa nini watu wa kule wanavaa makoti mawili.

MSHALE UKIPANDA, FANYA HIVI

Mwisho, kwa wale wanaosafiri na mizigo. Uko barabarani, mshale unaanza kupanda. Zima kiyoyozi, fungua vioo, weka hita kwenye moto wa mwisho na feni ya mwisho. Utatoka jasho, vumilia, huku unatafuta pa kuegesha.

Halafu sikilizia ile hewa. Ikija ya moto sana, maji yapo na yanazunguka, na hita inakusaidia kutoa sehemu ya joto. Una muda wa kufika sehemu salama, na tatizo huenda ni feni au rejeta kubwa iliyojaa vumbi. Ikija baridi huku mshale uko juu, maji hayapo au yamesimama. Usijiambie kijiji kinachofuata kiko karibu. Zima palepale, hata kama ni katikati ya pori. Kilomita mbili za ubishi zinatosha kuipinda silinda hedi ya alumini, na hapo hutazungumzia tena bei ya mfuniko.

Mshikaji wangu siku hizi ana tabia mpya. Kila Jumamosi, akishatembea robo saa, anawasha hita kwa dakika moja hata kama jua linawaka kama tanuru. Abiria wanapiga kelele, "Bosi, unatupika?" Anatia mkono kwenye tundu la hewa, akiungua anazima na kuendelea na safari.